Kazi Ilibaki, Cheo Kikatoweka

Watu wa Gikondi, kule Mukurwe-ini, walimwita Nyaatha, mama mwenye huruma. Jina lake la utawa lilikuwa Irene Stefani, Mtaliano wa Shirika la Konsolata aliyefika Kenya mwaka 1915 na kuanza kuuguza wapagazi wa vita waliokuwa wakifa kwa mamia katika hospitali za Voi, Kilwa na Lindi. Kuanzia 1920 hadi alipofariki Oktoba 31, 1930, kazi yake Gikondi ilikuwa kupanda na kushuka miteremko ya Nyeri kwa miguu. Aliingia nyumba ambazo padri asingeingia kwa urahisi, akakaa na wanawake wagonjwa na wazazi, akawafundisha katekisimu waliotaka ubatizo, na mtu alipokuwa anakata roho bila padri karibu, alimbatiza mwenyewe. Tauni aliyoipata kwa mgonjwa ndiyo iliyomuua, akiwa na umri wa miaka 39. Mei 23, 2015, Kanisa lilimtangaza mwenye heri mjini Nyeri mbele ya umati mkubwa.

Kisheria hakuwa na daraja lolote. Mtawa wa kike katika Kanisa Katoliki ni mlei, hata avae shela refu kiasi gani. Lakini laiti askofu wa Siria wa karne ya 3 angefufuliwa na kutembezwa siku moja pale Gikondi, asingehangaika kumtafutia jina. Angesema huyu ni shemasi.

Tunajua hivyo kwa sababu kitabu cha maaskofu wa aina hiyo kimebaki. Kinaitwa Didaskalia ya Mitume, mwongozo wa uongozi wa kanisa ulioandikwa Siria katika karne ya 3, na ndani yake askofu anaagizwa kuchagua mwanamke kwa ajili ya huduma ya wanawake. Sababu zinatajwa bila kuzunguka. Kuna nyumba za wapagani zenye mke au mjakazi Mkristo, ambamo shemasi mwanamume akitumwa atazua maneno. Kuna wagonjwa wa kike wanaohitaji kuoshwa na kuangaliwa. Kisha kuna ubatizo wenyewe, ambao wakati huo ulikuwa wa watu wazima, uchi, mwili mzima ukipakwa mafuta kabla ya kushuka majini. Mwanamume hakupaswa kumpaka mwanamke mafuta hayo. Shemasi wa kike alimpaka, mwanamume akalitamka jina la Mungu juu yake, na alipopanda kutoka majini shemasi huyohuyo alimpokea na kumfundisha maisha mapya.

Kitabu hichohicho kinamkataza mwanamke kubatiza. Kwa hiyo mtawa wa Gikondi, asiye na daraja, akitumia ruhusa ambayo Kanisa Katoliki humpa mtu yeyote wakati wa hatari ya kifo, alifanya jambo ambalo shemasi wa Siria mwenye cheo chake asingethubutu. Anayetaka historia ya wanawake kanisani iende kwa mstari ulionyooka, iwe ya kupanda au ya kushuka, atachoka mapema.

Mjadala wa mashemasi wa kike umehama vitabuni na kufika Afrika. Februari 17, 2017, mjini Kolwezi huko Katanga, Patriaki Theodoros wa Pili wa Aleksandria aliwabariki watawa na makatekista kadhaa wa kike kwa huduma ya kanisa, na mmoja wao akatajwa kuwa shemasi wa misheni. Mei 2, 2024, siku ya Alhamisi Kuu ya Waorthodoksi, Metropoliti Serafim wa Zimbabwe alimpa Angelic Molen daraja la ushemasi jijini Harare. Habari ya Harare ilizunguka dunia. Wengine walishangilia, wengine wakasema ni uzushi wa kuiga Waprotestanti.

Mlima Kenya unahusika moja kwa moja, kwa kuwa Waorthodoksi wake wako chini ya patriaki huyohuyo. Na kanisa lao halikuanzishwa na mmisionari wa Kigiriki. Baada ya ugomvi wa 1929 kati ya misheni na Wakikuyu kuhusu tohara ya wasichana, watu wa shule huru walitaka mapadri wao wenyewe, wakamwalika Askofu Mkuu Daniel William Alexander kutoka Afrika Kusini. Alifika 1935 na kuwafundisha vijana Gituamba, Murang'a. Tawi moja la wanafunzi hao, likiongozwa na Arthur Gathuna, lilitafuta njia hadi Aleksandria na kupokelewa mwaka 1946. Serikali ya kikoloni ililifunga wakati wa Hali ya Hatari, likafufuka baadaye, na mwaka 2015 sinodi ikaunda dayosisi ya Nyeri na Mlima Kenya. Kwa hiyo lililofanyika Kolwezi na Harare linaweza kufanyika Nyeri bila kubadilisha mkubwa wala kanuni.

Swali ni je, wanaodai kwamba wanarudisha desturi ya kale wanasema kweli?

Wanahistoria huanza na Fibi wa Kenkrea, bandari ya Korintho, ambaye Mtume Paulo anamtambulisha kwa Warumi kwa sifa mbili: ni shemasi wa kanisa lake, na ni mfadhili wa watu wengi, Paulo mwenyewe akiwemo. Haifai kujenga nyumba nzima juu ya aya mbili, maana wakati huo vyeo vilikuwa bado havijakauka. Ushahidi unaofuata una uzito zaidi kwa kuwa umetoka kwa mtu asiye na sababu ya kuwapamba Wakristo. Yapata mwaka 112, gavana wa Kirumi Plini aliandika kutoka Bithinia kwamba ili kujua ukweli wa dini hii aliwatesa wajakazi wawili ambao wenzao waliwaita wahudumu, kwa maana ya cheo. Wajakazi. Walikuwa mali ya mtu, na bado gavana aliona kwamba wao ndio wa kuulizwa.

Karne ya 4 na ya 5 zina ushahidi mwingi. Majina ya mashemasi wa kike yamechongwa kwenye mawe ya makaburi katika Asia Ndogo, Ugiriki na Palestina, na jiwe moja la Yerusalemu lilimwita marehemu Sofia Fibi wa pili. Mtaguso wa Kalsedonia wa mwaka 451 uliamuru kwamba mwanamke asiwekewe mikono kuwa shemasi kabla ya kutimiza miaka 40. Maaskofu hawatungi sheria ya umri kwa kitu kisichokuwepo.

Lakini ukihesabu mawe na barua hizo kwa ramani, utaona pengo mahali ambapo wengi hawakulitarajia. Siria, Asia Ndogo na Konstantinopoli zimejaa. Misri karibu ni tupu. Huko tunasikia habari za wajane walioandikishwa, mabikira na watawa. Mariamu, dada yake Pakomi, aliongoza jumuiya ya wanawake katika karne ya 4 huko Misri ya Juu. Orijeni wa Aleksandria alikubali kwamba Fibi alikuwa na huduma rasmi, lakini alikuwa akifafanua waraka wa Paulo. Hakuwa akieleza mambo ya parokia yake. Kwa hiyo patriaki anayefufua ushemasi wa wanawake ndiye mrithi wa kiti ambacho historia yake ya kale ina ushahidi haba kuliko majirani zake. Hilo halimnyimi haki ya kufanya anachofanya. Linamnyima tu neno "kurudisha", kama analitumia kwa maana ya Misri.

Mtu wa kumfuata kwa karibu zaidi ni Olimpia wa Konstantinopoli. Alizaliwa katika ukoo tajiri katikati ya karne ya 4, akaolewa na ofisa wa jiji, akafiwa na mume mapema. Mfalme Theodosi alitaka kumwoza jamaa yake ili mali isipotee, Olimpia akakataa, na mfalme akaiweka mali yote chini ya usimamizi wa mkuu wa jiji mpaka mjane huyo atimize miaka 30. Mwaka 390 mfalme alitoa sheria kwamba mwanamke asiwe shemasi kabla ya miaka 60, na akiwa shemasi asiirithishe kanisa dhahabu wala vyombo vyake. Miezi miwili baadaye sehemu ya kifungu cha mali iliondolewa. Sheria hiyo inaonekana kama inalinda maadili, lakini ukiisoma yote utaona inalinda urithi wa familia za wakubwa.

Askofu Nektari alimpa Olimpia ushemasi hata hivyo, akiwa nusu ya umri uliotakiwa. Mwandishi wa wasifu wake anasema alilipa kanisa ratili 10,000 za dhahabu na 20,000 za fedha, pamoja na mashamba katika mikoa kadhaa. Kwa vipimo vya leo, dhahabu hiyo peke yake ni zaidi ya tani tatu. Waandishi wa maisha ya watakatifu wana mkono mkunjufu wa tarakimu, na msomaji ana ruhusa ya kupunguza, lakini hata robo yake ingetosha kumfanya mfadhili asiyepuuzwa. Ubavuni mwa kanisa kuu alijenga monasteri yenye njia ya kuingilia moja kwa moja ukumbini mwa kanisa. Alianza na vijakazi wake 50, wakaja jamaa zake na wanawake wa ukoo wa maseneta, hadi wakafika 250. Jamaa zake watatu walipewa ushemasi pia, ili nyumba isikose mashemasi.

Tazama vile vyeo vitatu vinavyogawanywa katika vitabu, shemasi, abesi na mfadhili, vilivyokaa kwa mtu mmoja. Kwa daraja alikuwa shemasi. Kwa monasteri yake alikuwa ndiye mama mkuu, yule ambaye Ulaya baadaye ilimwita abesi. Na pesa zake ndizo zilizofanya yote mawili yawezekane. Yohane Krisostomo alipokuwa askofu wa jiji alimwonya apunguze kugawa ovyo, kwa maana maaskofu wengi wageni walikuwa wakimpigia hodi na kuondoka na mifuko mizito. Krisostomo alipofukuzwa mwaka 404 na kanisa kuu likaungua, Olimpia alifikishwa mahakamani, akagoma kumtambua askofu mpya, akatozwa faini ya dhahabu na kuishia uhamishoni Nikomedia, ambako alifariki yapata 408. Barua 17 ambazo Krisostomo alimwandikia kutoka uhamishoni zipo hadi leo. Za kwake Olimpia hakuna aliyezitunza.

Anayesoma habari hizi kutoka Karatina au Othaya hahitaji kuelezwa jinsi nguvu ya mchango inavyofanya kazi kanisani. Akina Mama wa Guild ya PCEA, Mothers' Union ya Waanglikana na vikundi vya akina mama Wakatoliki wameezeka makanisa mengi kuliko kamati yoyote ya ujenzi inavyokiri siku ya ufunguzi. Tofauti ni kwamba fedha za Olimpia zilimpa kiti, akajulikana kwa jina na kuwekewa mikono. Za vikundi vyetu huishia kwenye stakabadhi.

Je, kuwekewa mikono huko kulikuwa daraja kamili, au baraka tu? Hapa ndipo wanazuoni walipogombana zaidi, na ni ugomvi unaofaa kufuatwa, kwani wote walitazama karatasi ileile. Kuna kitabu cha ibada cha Kigiriki cha karne ya 8, maarufu kwa jina la Barberini, kilichohifadhiwa Vatikano. Ndani yake mna ibada ya kumfanya mwanamke shemasi. Anapelekwa mbele ya altare katika Liturujia yenyewe, saa ileile anapowekwa shemasi mwanamume. Askofu anaweka mkono kichwani pake na kusali sala mbili. Anavishwa stola ya shemasi, ila inapita chini ya shela lake na ncha zake mbili zinaletwa mbele. Baada ya komunyo askofu anampa kalisi mkononi.

Mwanazuoni Mgiriki Evangelos Theodorou aliyaona hayo yote na kusema: hii ni daraja, sawa na ya mwanamume, kwa kuwa baraka ndogo kama za msomaji hazitolewi altareni. Padri Mfaransa Aimé Georges Martimort alisoma kurasa hizohizo mwaka 1982 na kukazia yaliyokosekana. Mwanamume hupiga goti, mwanamke anainamisha kichwa tu. Mwanamume hupewa kalisi akawakomunishe watu. Mwanamke anaipokea na kuirudisha juu ya altare. Kwa Martimort, anayefanana na mwingine kwa mavazi si lazima awe na kazi yake.

Ukweli ulioandikwa kwenye ngozi ile hauipendelei kambi yoyote. Anayesema mashemasi wa kike walikuwa walei wenye baraka hana budi kueleza wanatafuta nini altareni wakati wa daraja. Anayesema walikuwa sawa kabisa na wanaume hana budi kueleza kalisi iliyorudishwa. Kwa maoni ya mwandishi huyu, maelezo ya Theodorou yanabeba ibada nzima vizuri zaidi, lakini ni daraja la shemasi na si hatua ya kwanza ya upadri. Hakuna ukurasa katika kitabu kile unaomwelekeza mwanamke huyo kwenye upadri, na wanaomtumia kama ngazi wanampa mzigo ambao hakuwahi kuubeba.

Upande wa magharibi mambo yalikuwa na vurugu zaidi. Mitaguso ya Galia ilipiga marufuku mashemasi wa kike mwaka 441, ikarudia 517, ikarudia tena 533. Na mtu harudii kukataza kitu kilichokwisha kukoma. Katika karne hiyohiyo Malkia Radegunda, akimkimbia mume wake mfalme, alimlazimisha Askofu Medardi amfanye shemasi, kisha akajenga monasteri huko Poitiers. Hata mwaka 1018 Papa Benedikto wa Nane alimthibitishia askofu wa Porto, karibu na Roma, haki ya kuwapa wanawake ushemasi. Mwanahistoria Gary Macy anaeleza jinsi mambo yalivyogeuka: hadi karne ya 12, kupewa daraja kulimaanisha kuwekwa rasmi kwenye kazi yoyote ya kanisa, ikiwemo ya abesi. Wanateolojia wa karne hiyo wakalibana neno limhusu anayetoa sadaka altareni peke yake, na wakasoma historia nyuma kwa kipimo kipya. Wanawake waliokuwa na daraja jana wakaonekana hawakuwahi kuwa nalo.

Maabesi waliendelea na mamlaka bila jina hilo. Hilda aliongoza monasteri ya wanaume na wanawake huko Whitby, Uingereza, ambako maaskofu watano walilelewa, na mwaka 664 mkutano ulioamua tarehe ya Pasaka ulifanyika kwake. Abesi wa Las Huelgas nchini Hispania alitawala parokia na mashamba mpaka Roma ilipofuta mamlaka hayo mwaka 1873, wakati Wamisionari wa Konsolata walikuwa wamebakiza miongo mitatu tu kufika Tuthu.

Kwa nini basi ushemasi wenyewe ulizimika, hata Mashariki ambako hakuna aliyeufuta? Wengi hutafuta njama ya wanaume, na uhasama ulikuwepo kweli. Maandishi yanayomtaja mwanamke kama najisi karibu na altare yanaongezeka katika karne za kati. Lakini sababu kubwa ilikuwa kazi. Wakristo walipokuwa wengi, watoto wachanga ndio waliobatizwa. Hapakuwa tena na mwanamke mzima wa kupakwa mafuta, wala nyumba ya mpagani ya kuingia kwa hadhari. Shemasi wa kike akabaki ndani ya monasteri, cheo kikawa heshima ya abesi au mjane wa ukoo mkubwa, na kufikia karne ya 12 mwanasheria wa kanisa Theodoro Balsamoni aliandika kwamba ushemasi huo haupo tena isipokuwa kwa jina.

Ukikubali sababu hiyo, miteremko ya Nyeri ya miaka ya 1920 inakuwa na maana nyingine. Kazi ya Didaskalia ilikuwa imerudi nzima: watu wazima wakibatizwa, nyumba zenye mke Mkristo na mume asiyetaka, wagonjwa ambao padri wa kizungu hakuruhusiwa kuwasogelea. Wanawake waliifanya. Masista wa Cottolengo walikuja kuanzia 1903, wa Konsolata wakafuata, na mwaka 1918 likaanzishwa shirika la wasichana wenyeji, Masista wa Maria Imakulata wa Nyeri. Wote walipewa nadhiri na sare. Cheo kilichokuwa na kazi hiyo kilibaki kwenye maktaba. Patriaki wa Aleksandria alitoa sababu zinazofanana alipokwenda Kolwezi: misheni, katekisimu na ubatizo wa watu wazima. Hoja hiyo ya kazi ni imara kuliko hoja ya ukale, na angefanya vyema kuiegemea hiyo.

Makanisa mengine ya mlimani yamechagua njia zao. PCEA ilimpa mwanamke wa kwanza daraja la uchungaji mwaka 1982, na kwa mchungaji wa kike wa Tumutumu mjadala huu wa kalisi huenda unachekesha. Papa Fransisko aliunda tume mwaka 2016 na nyingine 2020 kuchunguza ushemasi wa wanawake, bila kutoa daraja.

Kama siku moja Nyeri itapata shemasi wake wa kike, picha zitasambaa kwenye simu kabla ibada haijaisha, na ubishi utaanza. Ilikuwa hivyo Kolwezi: waliochunguza picha walisema ibada ile inafanana na ya msaidizi wa shemasi. Harare jambo lilifanyika altareni, ndani ya Liturujia, na shemasi mpya akawakomunisha watu, yaani alipita hata pale ambapo kitabu cha Barberini kilimsimamisha mwenzake wa kale.

Kuna jambo moja ambalo picha haziwezi kulionyesha. Mwaka 535 Mfalme Justiniani alitoa sheria ya kupunguza wahudumu wa kanisa kuu la Konstantinopoli na makanisa yaliyounganishwa nalo, kwa sababu mishahara ilikuwa imelitia kanisa deni. Aliweka kikomo: mapadri 60, mashemasi wanaume 100, mashemasi wanawake 40. Wanawake hao walikuwa kwenye orodha ya malipo pamoja na wenzao, wakihesabiwa kama gharama. Katekista wa kike wa Mukurwe-ini anayefundisha wakatekumeni Jumamosi na kuzuru wagonjwa Jumapili mchana anaweza kuvishwa stola bila sinodi kugusa kanuni hata moja. Kumweka kwenye bajeti ya dayosisi ni ajenda ya kikao kingine, na hicho bado hakijaitishwa.